Lipa kisichobishaniwa, kingine kiandikie barua

Msimu wa mbolea unapoanza, ugomvi wa ankara nao huanza. Mwenye duka la pembejeo anaagiza mzigo, mzigo unafika pungufu, ankara inakuja kamili. Wengi hukosea hapo. Mmoja anakataa kulipa hata senti, mwingine analipa yote akitumaini kurudishiwa. Wa kwanza anageuka mdaiwa sugu, wa pili anabembeleza fedha yake mwenyewe.

Chukua mfano wa duka la Makambako lililoagiza mifuko 100 ya mbolea kwa Sh70,000 kila mmoja, bei ikiwa ni pamoja na usafiri. Ilishushwa mifuko 94. Ankara ikadai mifuko yote 100 na usafiri Sh150,000 juu yake, jumla Sh7,150,000.

Mifuko 94 haina ubishi, nayo ni Sh6,580,000. Zinazobishaniwa ni Sh570,000: mifuko sita isiyofika, na usafiri ambao haukuwamo katika makubaliano.

Kazi huanza pale mzigo unaposhushwa. Kabla ya kusaini hati ya kupokelea mzigo, mwenye duka aandike juu yake "nimepokea mifuko 94 tu", na dereva asaini pia. Saini tupu ndiyo inayowaponza wengi, maana muuzaji ataionyesha kama ushahidi kwamba mzigo ulifika wote.

Kisha iandikwe barua fupi kabla siku ya malipo haijafika. Itaje namba ya ankara, kiasi kinachokubaliwa, kiasi kinachopingwa na sababu ya kila kimoja. Iseme wazi kuwa malipo ni ya mifuko 94 tu na si kukubali deni lililobaki. Nakala igongwe mhuri wa kupokelewa.

Sh6,580,000 zilipwe siku ileile iliyokubaliwa, na karatasi ya benki iandikwe namba ya ankara na maneno "mifuko 94". Mlipaji asiposema fedha ni ya deni gani, muuzaji anaweza kuielekeza kwenye deni la zamani, na ankara hii ikabaki kana kwamba haijaguswa.

Stakabadhi nayo isomwe. Ikiandikwa "malipo ya awali, salio Sh570,000" bila kutaja ubishi, irudishwe irekebishwe. Muuzaji akikubali hoja, atoe hati ya kupunguza deni. Ahadi ya simuni haifuti kitu kwenye leja.

Wapo wauzaji wa jumla wanaokataa malipo ya sehemu na kutishia kusimamisha mzigo. Hilo ni shinikizo tu, kwani aliyekwisha kupokea bei ya alichokileta hana hasara. Hata hivyo mkataba usomwe kwanza: baadhi huweka siku chache za kulalamika, au hutaka ankara ilipwe yote kwanza na malalamiko yafuate. Aliyesaini sharti la namna hiyo alipe yote, na barua ya kupinga iambatane na malipo hayo.