Mtaji wa hisa uhesabiwe kwa mwaka mubaya

Siku hizi vyama vingi vya wakulima vya Butembo, Beni na Lubero vinataka kufungua kese yao ya akiba na krediti. Ni jambo la haki. Mfanyabiashara wa kakao anakukopesha makuta mwezi wa sita, halafu anachukua mavuno yako kwa bei yake, na hapo hakuna mkulima anayetoka na kitu. Lakini mipango ya biashara ninayopewa nisome karibu yote ina kasoro moja. Inaanza na faida. Ukurasa wa kwanza unasema tutakuwa na wanachama wangapi, wa pili tutakopesha kiasi gani, wa tatu riba italeta nini. Mambo ya watu ambao hawatalipa yanawekwa mwishoni, mistari miwili, pamoja na maneno "tutafuatilia kwa karibu".

Mimi nasema tugeuze karatasi. Tuanze na hasara, ndipo tujue hisa iwe ngapi na mikopo iwe ngapi.

Kwanza tuelewane juu ya hisa. Watu wengi wanafikiri hisa ni tiketi ya kuingia, sawa na kulipa kadi ya chama, au ni akiba ya namna nyingine ambayo unaweza kuja kuichukua siku una shida. Haiko hivyo. Akiba ni makuta ya mtu, kese inamlindia tu na siku akiomba lazima apewe. Hisa ni makuta yenu wote, na kazi yake ni kubeba hasara. Kama mkopo umepotea, hisa ndiyo inaliwa kwanza, ili akiba ya yule mama muuza mboga isiguswe. Ndiyo maana mwanachama anayetoka harudishiwi hisa yake siku ileile: anangoja hesabu za mwaka zifungwe na mkutano mkuu ukubali. Chama ambacho kinaruhusu watu kuchukua hisa kila wakati kiko na mtaji wa karatasi tu, juu siku ya hofu ndiyo siku kila mtu atakuja kuuchukua.

Sasa tuhesabu. Tuseme chama chetu kina wanachama 300 na kila mmoja ametoa hisa ya dola 20. Mtaji ni dola 6.000. Akiba za wanachama ni dola 24.000. Jumla dola 30.000. Katika hizo, dola 2.800 zimenunua kofa, meza na pikipiki ya kazi. Dola 7.200 zinabaki kwenye kofa na kwenye banki, za kuwapa watu wanaokuja kutoa akiba. Zinabaki dola 20.000 za kukopesha: mikopo 100, kila mmoja dola 200.

Riba ni asilimia 2 kwa mwezi. Mipango mingi inazidisha mara kumi na mbili na kuandika dola 4.800. Mkulima hakopi miezi kumi na mbili. Anakopa wakati wa kupalilia au wa kupanda, anarudisha wakati wa mavuno, na katikati makuta inalala kwenye kofa. Tuseme mikopo iko nje miezi minane: riba ni dola 3.200. Toa mshahara wa mhasibu, dola 1.200 kwa mwaka. Toa kodi ya nyumba, mlinzi, karatasi na mafuta ya pikipiki, dola 800. Toa riba ndogo ya asilimia 3 kwa wenye akiba, dola 720. Zinabaki dola 480.

Tazameni vizuri hiyo 480. Ni chini ya mikopo miwili na nusu. Katika watu mia waliokopa, wa tatu akikosa kulipa kabisa, faida yote ya mwaka imekwisha na tunaanza kula hisa. Hiyo peke yake inatosha kujibu wale wanaosemaka kwamba asilimia 10 ya watu wasiolipa "ni kawaida ya wakulima". Kumi katika mia ni dola 2.000 zimepotea.

Na hisa yenyewe haiko dola 6.000 za kubeba hasara. Zile 2.800 zimekuwa kofa na pikipiki; hazitalipa mtu kesho asubuhi, na ukiziuza kwa haraka hupati hata nusu. Kinga ya kweli ni dola 3.200, ukiongeza faida ya mwaka ni dola 3.680. Mwaka mubaya kwetu unakula kiasi gani?

Hapa ndipo vitabu vinavyotoka mbali havitusaidii sana. Vinafundisha kwamba kila mkopaji ana bahati yake: mmoja ataugua, mwingine atauza vibaya, wengine wote watalipa. Kwetu hasara haiji mtu kwa mtu, inakuja barabara nzima. Wazee wanakumbuka jinsi ugonjwa wa kunyauka ulivyoua kahawa ya robusta upande wa Beni miaka ya 1990. Haukuchagua shamba la mvivu. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya watu wa ADF yamefunga mashamba upande wa Mbau, Oicha na Eringeti, na mkulima anaona kakao yake imeiva lakini hawezi kufika, au anafika na kukuta wezi wamekwisha kuvuna. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilisumbua masoko ya Mangina, Beni na Butembo. Katika mambo hayo yote, mkopaji mwema na mkopaji mubaya walikosa siku moja.

Kwa hiyo dhamana ya kikundi, ile ambayo watu watano wa kijiji kimoja wanadhaminiana, inafaa kwa jambo moja tu: kumbana yule mwenye makuta na asiyetaka kulipa. Kijiji kikikimbia, wadhamini wote watano wako pamoja kambini. Hata kuweka shamba kama rehani hakusaidii sana. Mashamba mengi yako chini ya desturi, bila karatasi, na jirani gani atanunua shamba la ndugu yake aliyekimbia vita?

Turudi kwenye hesabu. Chama kinachoanza kinakopesha mahali wanachama waanzilishi wanakaa. Tuseme mikopo 40 kati ya 100 iko kwenye barabara moja, yote ya kakao. Barabara inafungwa. Nusu ya watu wanajikaza na kulipa baadaye, nusu hawarudi. Mikopo 20 imepotea, dola 4.000. Kinga yetu ilikuwa 3.680. Dola 320 zinatoka sasa kwenye akiba za watu ambao hawakukopa chochote. Habari hiyo ikifika sokoni, haziombwi zile 320 tu, kila mtu anakuja na kitabu chake: "Nipe yangu leo."

Sasa tuweke sheria ndani ya mpango: barabara moja isipite mikopo 20 katika mia. Barabara ileile ikifungwa, tunapoteza mikopo 10, dola 2.000. Inauma, faida imekwenda na hisa imeliwa dola 1.520, lakini mwenye akiba hajaguswa na kese inafungua mlango kesho yake. Kama wanachama wote wako kwenye barabara moja na haiwezekani kugawanya, basi kuna njia mbili tu: kuongeza hisa, kwa mfano dola 10 zaidi kwa kila mwanachama, ambazo zinaleta 3.000, au kukopesha kidogo. Najua dola 30 ni nyingi kwa mkulima wa kilimani. Anaweza kuzitoa kwa mavuno matatu. Lakini mpaka azimalize, mikopo ibaki midogo.

Jambo la pili ni namna ya kusoma mikopo iliyochelewa, juu hapo ndipo komite zinadanganywa, mara nyingi bila mtu kuwa na nia mbaya. Mtu amekopa dola 300 kwa miezi sita, alipe 50 kila mwezi. Amelipa mara mbili, ya tatu amekosa, siku 30 zimepita. Mhasibu anaandika: kuchelewa, dola 50. Si kweli. Mtu aliyekosa ya tatu anaweza kukosa zote zilizobaki, kwa hiyo kilicho hatarini ni dola 200 nzima. Wakiwa watu kumi wa namna hiyo, komite inasikia 500 na inatulia, kumbe ni 2.000, sehemu ya kumi ya mikopo yetu yote. Ombeni kila mwezi hesabu moja: salio lote la wale waliopita siku 30. Ulizeni tena ni mikopo mingapi imepewa wiki ileile ambayo mkopo wa zamani ulifungwa. Ukikuta mtu analipa Jumatatu na kukopa zaidi Alhamisi, deni halijalipwa, limevaa nguo mpya.

Mikopo ya mavuno ina mtego mwingine. Mtu analipa mara moja tu mwishoni, kwa hiyo miezi sita kitabu kinaonyesha kila kitu ni safi, halafu siku moja ubaya wote unatoka. Hapo tusingoje kitabu, twende shambani. Toka ua hadi tunda bivu, kakao inachukua kama miezi mitano au sita. Ajenti wa krediti akihesabu matunda machanga kwenye miti ishirini, miezi miwili kabla ya tarehe ya kulipa, akaona pia kama shamba limepaliliwa na kama matunda meusi ya kuoza yameondolewa, anajua nani atalipa kabla mwenyewe hajajua. Fishi ya ziara hiyo iwekwe kwenye faili ya mkopo. Gharama yake ni mafuta ya pikipiki, nayo imo tayari katika zile dola 800.

Vikundi vidogo vya kijiji, vinavyogawana makuta mwisho wa mwaka, ni jambo lingine. Lakini chama kinachopokea akiba kama COOPEC kinafuata sheria, na ruhusa inatoka Banki Kuu ya Kongo. Msipokee akiba mbele ya ruhusa hiyo. Watu wa banki watakaosoma mpango wenu wataangalia kwanza hizo hesabu za hasara.

Tena mwezi wa tisa. Masomo yanaanza, wazazi wanakuja kutoa akiba kwa ajili ya watoto wa sekondari, na kakao nyingi bado iko kwenye mti. Wote wanataka wiki moja. Katika mfano wetu kofa na banki zina dola 7.200 juu ya akiba 24.000, yaani wazazi wakitoa zaidi ya sehemu tatu katika kumi tumekwama, hata kama hakuna mkopo hata mmoja uliopotea. Kwa hiyo mikopo mipya isimame toka katikati ya mwezi wa saba, na iandikwe hivyo ndani ya mpango, ili meneja asibaki peke yake mbele ya mjumbe wa komite anayeomba kwa ajili ya shemeji yake.