Katia tiki "Imetumwa", mzigo bado uko kwenye shelfu: barua ya onyo iandikwe hivi

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo naongea na nyie mlioajiri, hata kama ni kijana mmoja tu anayepakia mizigo na kuipeleka stendi.

Kuna dada anauza viatu vya kike Instagram na WhatsApp, yuko Dar. Alinitumia barua ya onyo aliyotaka kumpa kijana wake, akaniomba niisome kabla hajaikabidhi. Kaniruhusu niielezee hapa bila majina. Ilikuwa fupi: "Wewe ni mvivu, mwongo na mwizi. Umezoea kunidanganya kila siku. Umenitia hasara ya 80,000 na nitaikata kwenye mshahara wako. Ukirudia utajijua."

Hasira yake naielewa kabisa. Barua yake siikubali. Msimamo wangu ni huu: barua ya onyo iseme tiki ipi ilikuwa ya uongo, ithibitishe, basi. Tabia ya mtu, ukoo wake na mambo "ya kila siku" yakae nje.

Kilichotokea

Dada huyu ana daftari la oda kwenye Google Sheets. Kila oda ina mstari wake, na mwisho wa mstari kuna visanduku vya kutia tiki: imepakiwa, imetumwa. Jumanne tarehe 6 Mei 2025 kulikuwa na oda 9 za mikoani. Kijana alipewa 45,000 ya nauli ya mizigo, 5,000 kwa kila mzigo, aipeleke ofisi za mabasi. Jioni oda zote 9 zilikuwa na tiki ya "Imetumwa". Bosi akaona tiki, akawaandikia wateja wote 9: mzigo wako umetoka, kesho ukaupokee.

Alhamisi mteja wa Mbeya akapiga simu. Kashaenda stendi mara mbili, hakuna kitu. Dada akaingia stoo, akakuta mizigo 4 iko kwenye shelfu, imefungwa na majina yameandikwa. Oda namba 211, 214, 215 na 218. Wateja wawili wakadai pesa zao, 42,000 na 38,000, wakarudishiwa.

Sasa angalia kosa liko wapi. Kuchelewesha mizigo 4 ni tatizo la kawaida kwenye kazi hii. Kijana angeacha visanduku vile wazi, saa 12 jioni bosi angeona, angewaambia wateja 4 kuwa mizigo yao inatoka kesho, na wengi wangeelewa. Tiki ya uongo ndiyo iliyomfanya bosi awadanganye wateja wake kwa mkono wake mwenyewe bila kujua. Kwa hiyo hili siyo kosa la uvivu. Ni kosa la kutoa taarifa isiyo ya kweli, na ndiyo jina linalotakiwa kwenye barua.

Kabla hujaandika, thibitisha

Nilimuuliza: una uhakika gani kwamba tiki ni yake? Pengine umeiweka wewe, au mdogo wako anayekusaidia. Akafungua kompyuta, akabonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye kisanduku cha oda 211, akachagua "Show edit history". Ikaonekana akaunti ya kijana, Jumanne, 17:52. Za 214, 215 na 218 ziliwekwa dakika hiyohiyo. Mtu anayetoka ofisi ya basi moja kwenda nyingine hawezi kutuma mizigo minne ndani ya dakika moja.

Hii inasaidia tu kama kila mtu anaingia kwa akaunti yake. Kama wote mnatumia akaunti moja, historia itaonyesha jina moja kwa kila kitu na haitakuambia aliyebonyeza ni nani.

Ushahidi wa pili ni risiti za basi. Kwa siku ile zilikuwa 5. Tiki 9, risiti 5. Hesabu hiyo haihitaji maneno mengi.

Kisha msikilize

Watu wengi hapa wanaruka. Mwite faraghani, siyo kwenye grupu la WhatsApp la duka. Muonyeshe ulichonacho, umuulize ilikuwaje, uandike anachojibu.

Kijana alisema foleni ilimchelewesha, ofisi ya basi la Mbeya ikawa imefunga. Akarudisha mizigo stoo akiwa na nia ya kuituma kesho yake asubuhi. Akatia tiki ili bosi asimpigie simu usiku. Jumatano akaingia oda nyingine, ile minne ikapitiwa. Na nauli je? Dada akafungua droo ya stoo: 20,000 ipo, kwenye bahasha.

Unaona sasa neno "mwizi" lingemfikisha wapi? Pesa haikuguswa. Ukiandika wizi ambao hukuuthibitisha, umempa hoja ya kukataa barua yote, hata ile sehemu ambayo ni kweli. Ingekuwa nauli imeliwa, au kaleta risiti ya kughushi, hapo ni jambo jingine zito, na barua ya onyo isingetosha.

Barua tuliyoiandika upya

Tarehe 10 Mei 2025

Ndugu ____________,

YAH: ONYO LA MAANDISHI KWA KUTOA TAARIFA ISIYO YA KWELI

1. Tarehe 6 Mei 2025, saa 11:52 jioni, uliweka alama ya "Imetumwa" kwenye oda namba 211, 214, 215 na 218. Mizigo hiyo haikutumwa. Ilikutwa stoo tarehe 8 Mei 2025.

2. Ushahidi ni historia ya daftari la oda, risiti 5 za basi za siku hiyo, na mizigo yenyewe.

3. Tulizungumza tarehe 9 Mei 2025. Ulikubali kuweka alama hizo na ukaeleza kuwa ofisi ya basi ilikuwa imefungwa. Nauli ya 20,000 ilikutwa ikiwa kamili. Maelezo yako nimeyazingatia.

4. Kuchelewa stendi kunaweza kutokea. Kuweka alama kwa kazi ambayo haijafanyika hakukubaliki, kwa sababu wateja wanne waliambiwa jambo lisilo la kweli na wawili wakavunja oda zao.

5. Kuanzia leo, alama ya "Imetumwa" itawekwa baada ya kupata risiti, na namba ya risiti itaandikwa kwenye mstari wa oda. Mzigo ukishindwa kutoka, acha wazi na unijulishe kabla ya saa 1 jioni. Hutaadhibiwa kwa kunijulisha.

6. Onyo hili litakaa kwenye kumbukumbu zako kwa miezi 6. Ukirudia kosa la aina hii ndani ya muda huo, utaitwa kwenye kikao cha nidhamu ambacho kinaweza kufikia kuachishwa kazi.

7. Kama hukubaliani na barua hii, andika maelezo yako chini yake au kwenye karatasi nyingine.

Sahihi ya mwajiri, sahihi ya mfanyakazi kuwa ameipokea, tarehe.

Basi. Hakuna tusi hata moja, na inauma kuliko ile ya kwanza, maana hana mstari wa kubishia.

Angalia namba 5. Bila hiyo, unamwambia mtu "usirudie" halafu unamwachia kisanduku kilekile cha kubonyeza. Tiki haina gharama, mtu anaiweka akiwa kitandani. Namba ya risiti huwezi kuipata bila kufika kaunta. Ile sentensi ya "hutaadhibiwa kwa kunijulisha" pia niliisisitiza mimi. Kijana alitia tiki kwa kuogopa simu ya usiku. Kama kusema ukweli kwako kunaleta kelele, utaendelea kuletewa tiki nzuri.

Akikataa kusaini usimlazimishe. Mwambie sahihi ni ya kupokea, siyo ya kukubali kosa. Bado akigoma, muite shahidi, aandike kwamba barua imekabidhiwa mbele yake na mhusika amekataa kusaini, aweke tarehe.

Ile 80,000 je?

Hapa dada alikuwa mbishi. Lakini piga hesabu: aliwarudishia wateja 80,000, na viatu vyao vikarudi kwenye shelfu, vinauzika. Hasara halisi ni makato ya kutuma pesa na faida ya oda mbili, siyo 80,000.

Na kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuruhusu kukata mshahara kwa hasira. Kwa hasara aliyosababisha mfanyakazi, lazima umweleze kwa maandishi imetokana na nini, ni kiasi gani na umekihesabu vipi. Umpe nafasi ya kupinga. Yeye akubali kwa maandishi. Jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa pesa. Dada alipopiga hesabu akaona anagombania elfu chache, akaachana nayo.

"Si ningemfukuza tu?"

Najua kwenye maoni mtaniuliza. Kanuni za utendaji bora za 2007 zilizo chini ya sheria hiyo zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba hamuwezi kuendelea pamoja. Udanganyifu mkubwa umetajwa miongoni mwa makosa mazito. Kwa hiyo wapo watakaosema tiki nne za uongo zinatosha kumtoa. Mimi nasema hapana kwa kesi hii: ni mara ya kwanza, alikiri, nauli ipo kamili. Na hata ukiamua kumwachisha, unahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki. Asiporidhika, anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ana siku 30 za kufungua mgogoro wake. Kule utaulizwa karatasi, na "utajijua" siyo karatasi. Walioko Kenya na kwingine, angalieni sheria za kwenu, lakini barua ya namna hii itawafaa popote.

Wengine watasema barua ni za makampuni, sisi tuko wawili tu stoo. Mimi naona mkiwa wawili ndiyo unaihitaji zaidi, kwa sababu hakuna mtu wa tatu atakayekumbuka mlichokubaliana. Andika nakala mbili, moja yake, moja yako, iweke kwenye faili.

Wewe unatumia nini kuthibitisha kuwa mzigo umetoka kweli: tiki, picha ya risiti, au neno la kijana? Tuambie hapo chini.