Jikoni kwetu: Chapati isiyokauka mpaka saa sita



Mwenzetu mmoja hapa Kipushi anauza chapati asubuhi. Alituambia kwamba saa kumi na mbili zinakuwa laini, lakini ikifika saa sita zinakatika kama biskuti na wateja wanazirudisha. Unga ni wa bei, hatuwezi kuutupa. Basi tulikaa naye kwenye mbabula yake, tukaangalia kazi yake mwanzo mpaka mwisho.

Kosa la kwanza lilikuwa maji. Alipoona unga unashika mikono, aliongeza unga mwingine mpaka donge likawa gumu. Sisi tulipima nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwili vya supu vya mafuta, na maji ya vuguvugu kama mililita 300, tukiyamimina kidogo kidogo. Mwanzoni donge linashika mikono. Usiogope, kanda tu dakika kumi, litaacha lenyewe. Ukilibonyeza kwa kidole na shimo likapanda polepole, limetosha.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Alikanda na kusukuma palepale, chapati ikawa inarudi ndogo kama mpira. Donge lililotoka kukandwa limejikaza, linahitaji kulala. Lipake mafuta, lifunike na kitambaa chenye unyevu, lilale nusu saa. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, tunaliacha karibu saa nzima.

Kisha tukagawa mafungu manane. Kila fungu tulilisukuma kwa chupa mpaka likawa jembamba, tukalipaka mafuta uso mzima. Mafuta hayo ndiyo yanayotenga tabaka. Pale yasipofika, unga unashikana. Tukalikunja kama kamba, tukaizungusha kama konokono, ncha tukaificha chini. Konokono hao nao walilala robo saa. Kisha tukawasukuma taratibu, bila kukandamiza sana, maana ukikandamiza unavunja tabaka ulizozijenga.

Mwisho ni moto. Yeye alichoma kwa makala machache ili zisiungue, kumbe zilikaa muda mrefu zikakauka. Kikaango kiwe moto kwanza. Weka chapati kavu, igeuze ikianza kutoa mapovu, ndipo upake mafuta pande zote mbili. Ikipata madoa ya kahawia, toa. Kila moja isipite dakika mbili tatu.

Zikitoka, zipange moja juu ya nyingine ndani ya kitambaa safi, ufunike. Mvuke wake wenyewe unazilainisha.

Siku iliyofuata tulimtembelea saa sita. Zilibaki mbili. Tulizikunja mara nne, hazikuvunjika, na tukazinunua.