Namba za Kuazima katika Kuta Zetu

Tuseme kwamba mtu mwenye fedha ameamua kujenga jengo la biashara la orofa moja pale Zagayu, mkoani Simiyu: ofisi juu, maduka chini, na viyoyozi katika kila chumba. Barabara ipo upande wa magharibi wa kiwanja. Mwenye jengo anataka uso mpana wa vioo uelekee barabarani ili bidhaa zionekane. Mchoraji anatii, na jua la alasiri nalo linapata mlango.

Nauliza swali moja tu: je, tunaweza kujua kwa hesabu, kabla tofali la kwanza halijawekwa, kwamba jengo hili litakula umeme kupita kiasi? Naam, twaweza. Lakini hesabu yenyewe tumeiazima, na maoni yangu ni kwamba tukiiazima bila kuichunguza itatudanganya mahali ambapo hatutazamii.

Asili yake ni Marekani, ambako mwaka 1975 chama cha wahandisi wa joto na ubaridi, ASHRAE, kilitoa kiwango chake cha kuhifadhi nishati katika majengo. Singapore iliichukua mwaka 1979 na kuiweka katika kanuni zake za ujenzi, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaifanyia marekebisho makubwa. Fomula ya sasa ya Singapore huandikwa hivi:

```
ETTV = 12(1-WWR)Uw + 3.4(WWR)Uf + 211(WWR)(CF)(SC)
```

Jibu lake ni wati za joto zinazoingia kwa wastani katika kila mita ya mraba ya ganda la nje la jengo, katika saa ambazo viyoyozi vinafanya kazi. Kanuni ya Singapore iliweka ukomo wa wati 50. Jengo lilipozidi hapo, mchoro ulirudishwa.

Fomula hii ina njia tatu za joto. Ya kwanza ni joto linalopenya ukuta wenyewe, ya pili ni joto linalopenya kioo kwa sababu nje kuna joto kuliko ndani, na ya tatu ni mnururisho wa jua unaopita moja kwa moja kwenye kioo. WWR ni sehemu ya ukuta iliyo kioo. Uw na Uf ni upitishaji joto wa ukuta na wa kioo. SC huonyesha kioo kinapitisha jua kiasi gani kikilinganishwa na kioo cheupe cha milimita 3, na CF hurekebisha kwa kufuata upande ambao uso wa jengo umeelekea. Kwa Singapore CF ya kaskazini ni 0.80, kusini 0.83, mashariki 1.13 na magharibi 1.23.

Sasa na tulipime jengo letu la kufikirika. Urefu wake ni mita 30, upana mita 12, na kimo cha kuta mita 7. Nyuso ndefu zaelekea mashariki na magharibi, kila moja mita za mraba 210, nyuso fupi ni mita za mraba 84 kila moja, jumla 588. Uso wa magharibi ni kioo kwa asilimia 40, wa mashariki asilimia 20, na nyuso fupi asilimia 10.

Ukuta ni wa tofali la saruji la milimita 150 lililopigwa lipu pande zote mbili. Ili kupata upitishaji wake, twajumlisha ukinzani wa kila tabaka: hewa inayogusa ukuta nje 0.044 na ndani 0.12, lipu mbili 0.056, na tofali 0.15, tukichukua kwamba uwezo wake wa kupitisha joto ni 1.0. Jumla ni 0.37, na kinyume chake ni 2.7. Hiyo ndiyo Uw. Kioo ni cheupe cha kawaida cha milimita 6, chenye Uf ya 5.7 na SC ya 0.95.

Uso wa magharibi una mita 126 za ukuta na 84 za kioo. Ukuta: 12 × 2.7 × 126, yaani wati 4,082. Kioo kwa tofauti ya joto: 3.4 × 5.7 × 84, yaani 1,628. Jua: 211 × 1.23 × 0.95 × 84, yaani 20,710. Jumla ni wati 26,420, na tukigawanya kwa mita 210 twapata 125.8 kwa kila mita ya mraba. Mwanafunzi na afanye mwenyewe nyuso tatu zilizobaki. Atapata 75.1 kwa mashariki, 47.1 kwa kaskazini na 47.7 kwa kusini. Wastani wa jengo zima, ukizingatia ukubwa wa kila uso, ni 85.3. Jengo limeanguka, tena limeanguka vibaya.

Tukiangalia joto lile limetoka wapi, twaona kwamba karibu theluthi mbili ni jua linalopita kwenye vioo. Ukuta umeleta chini kidogo ya asilimia 30, na tofauti ya joto kwenye kioo asilimia 5 au 6 tu. Kwa hiyo anayekimbilia kununua kioo cha tabaka mbili ili kupunguza Uf pekee anaziba tundu la sindano huku mlango uko wazi.

Dawa ya kwanza haihitaji hata senti moja: geuza ramani. Nyuso ndefu zikielekea kaskazini na kusini, na ule uso wa vioo vingi ukatazama kusini, hesabu yashuka kutoka 85.3 hadi 71.2. Dawa ya pili ni kivuli. Tuchukue kwamba vibaraza juu ya madirisha ya nyuso ndefu vinapunguza jua hadi sehemu 0.7 ya lilivyokuwa, twafikia 60.7. Ya tatu, kioo cha uso wa kusini kipunguzwe kutoka asilimia 40 hadi 25: twafika 55.1. Bado hatujafaulu! Lakini sasa mambo yamebadilika, maana karibu nusu ya joto lililobaki linapita ukutani, si madirishani. Hapo ndipo yafaa kushughulikia ukuta. Tukijenga kwa tofali la kuchoma, ukuta wa unene wa milimita 230, ukinzani wapanda hadi karibu 0.5, upitishaji washuka hadi 2.0, na jengo lapata 48.3. Limepita.

Wengi huishia hapo na kupiga muhuri. Mimi nasita, kwa sababu tatu.

Kwanza, wastani huficha. Kanuni huuliza jengo zima tu, wala haimwulizi karani anayeketi karibu na dirisha la magharibi saa kumi alasiri. Uso mmoja unaweza kuwa tanuri na jengo likafaulu kwa msaada wa nyuso nyingine. Ningependa kanuni yoyote tutakayojitungia sisi iweke pia ukomo wa kila uso peke yake.

Pili, fomula hii haigusi paa. Singapore hulipima paa kwa hesabu ya pembeni, na kwa mji wa maghorofa marefu hilo halina ubaya mkubwa, kwani paa ni sehemu ndogo ya ganda. Jengo letu la Zagayu lina paa la mita za mraba 360 dhidi ya kuta za 588. Likiwa bati tupu lisilo na dari yenye kizuizi cha joto, mwenye jengo anaweza kushinda mtihani wa kuta huku viyoyozi vyake vinapigana na paa mchana kutwa.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Zile namba 12, 3.4 na 211 si sheria za maumbile kama ile kasi ya mwanga. Ni wastani wa hali ya hewa ya mahali fulani kwa saa fulani za kazi. Singapore yenyewe, katika fomula yake ya mwaka 1979, ilitumia 130 mahali pa 211, na ukomo ulikuwa 45. Walipochunguza upya waligundua kwamba fomula ya zamani ililipunja jua. Malaysia, jirani wa mlango kwa mlango, hutumia 194 kwa jua na 6 kwa tofauti ya joto. Tena kwa ukuta huweka 15 ikizidishwa kwa kipimo cha rangi yake, hata ukuta uliopakwa chokaa unapata nafuu ambayo Singapore haiutambui. Ikiwa majirani hawa wawili hawakubaliani, kwa nini Zagayu, iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, yenye kiangazi kirefu na usiku wa baridi, ikubali namba za bandari yenye mawingu na unyevu mwaka mzima?

Wapo watakaosema kwamba kupima namba zetu ni kazi ya maabara kubwa. Kwa sehemu ni kweli. Lakini tazama ni namba ipi inayohitaji kazi. Ile 3.4 shule yoyote yenye kipimajoto yaweza kuitafuta: soma joto la kivulini kila saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kwa siku nyingi za mwaka, kisha toa joto linalotakiwa ndani. Tuseme umepata 2.6. Katika lile jengo letu la kwanza, jibu lingebadilika kwa wati moja tu katika 85. Namba iliyo rahisi kupimwa ndiyo isiyo na uzito.

Uzito uko kwenye jua, na vituo vya hali ya hewa kwa kawaida hupima jua linaloangukia ardhi tambarare, si ukuta uliosimama wima. Ile 211 yenyewe yahitaji chombo kilichosanifiwa. CF lakini haihitaji, na hapa nawaomba walimu wa fizikia wanisikilize. Ukizitazama CF nne za Singapore, wastani wake ni 1, kwa sababu kila moja ni uwiano tu wa jua la upande mmoja kwa wastani wa pande zote. Chukua basi seli nne ndogo za sola zinazofanana, kila moja uifunike kwa kipande cha kioo cheupe cha milimita 3, uzisimamishe wima kwenye pande nne za darasa lililo mahali pa wazi, na usome kwa ammita mkondo wa kila moja ncha zake zikiwa zimeunganishwa bila mzigo. Mkondo huo hufuata kiasi cha mwanga karibu sawasawa, na kwa kuwa twatafuta uwiano, hatuhitaji kujua wati zenyewe. Kabla ya kuanza, zilaze seli zote pamoja juani na uandike tofauti zake, maana hakuna mbili zinazolingana kabisa. Soma kila saa, siku kadhaa za kila mwezi, za jua na za mawingu pia. Ukifanya siku za jua peke yake, magharibi na mashariki zitapanda kupita kiasi, na jibu lako litakuwa la kiangazi tu.