Andika "korosho" kwenye pakiti, futa "dawa ya moyo"

Mchukue mfanyabiashara wa Tanga anayenunua kilo kumi za korosho zilizobanguliwa, akazifungasha nyumbani katika pakiti ndogo, akavuka nazo Horohoro na kuziuza Mombasa. Mzigo ni mdogo, faida ni ya kawaida. Lakini ili pakiti iuzike, huongezwa maneno matatu kwenye karatasi: "njugu mchanganyiko", "zimelowekwa" na "dawa ya moyo". Maneno mawili ya mwisho humdanganya mnunuzi. La kwanza linaweza kumuua mtoto wake.

Yaanze yale ya moyo, kwa sababu ndani yake mna ukweli uliovutwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba watu wanaokula njugu kidogo kila siku, pamoja na chakula kingine kizuri, hupata maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Utafiti mkubwa uliofanywa Hispania, uliochapishwa mwaka 2013 na kurekebishwa mwaka 2018, uliwafuatilia watu wazima zaidi ya 7,000 waliokuwa katika hatari ya kuugua moyo. Waliopewa gramu 30 za njugu kwa siku, pamoja na mboga, matunda, samaki na kunde, walipata mashambulio ya moyo na viharusi kwa uchache kuliko wenzao walioshauriwa tu kupunguza mafuta.

Hapo pana mambo mawili ambayo karatasi ya pakiti huyaficha. Njugu walizokula Wahispania hao zilikuwa lozi na njugu nyingine mbili za Ulaya, si korosho. Na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliporuhusu mwaka 2003 baadhi ya njugu ziandikwe kwamba huenda zikapunguza hatari ya maradhi ya moyo, haikuiweka korosho katika orodha. Sababu ilikuwa kwamba mafuta yake yanayoganda yalizidi kiwango kilichowekwa. Makadamia nayo iliachwa nje kwa sababu hiyo hiyo, ikapata ruhusa yake mwaka 2017.

Hilo halimaanishi korosho ni mbaya. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina isiyoudhuru moyo, na anayekula korosho badala ya biskuti au viazi vya kukaanga amefanya jambo jema. Lakini chakula kizuri si dawa. Mwenye shinikizo la damu anayeacha vidonge vyake kwa sababu pakiti imemwahidi dawa ya moyo amepata hasara ambayo muuzaji hawezi kuirudisha.

Swali lenye faida kwa mnunuzi ni kiasi gani. Jibu ni gramu 30, yaani kiganja kimoja kisichorundikwa. Wafanyabiashara wa korosho wana njia rahisi ya kulithibitisha, kwa kuwa madaraja ya korosho yenyewe ni hesabu ya punje. Daraja la W320 lina punje 300 hadi 320 katika ratili moja, ambayo ni gramu 454. Kila punje basi ina uzito wa karibu gramu moja na nusu, na punje 20 hutimiza gramu 30. Za W240 ni kubwa zaidi, hivyo punje 15 zinatosha. Kilo moja hutoa pakiti 33 za namna hiyo.

Anayekula robo kilo kwa mkupuo akidhani anaulinda moyo amemeza karibu kalori 1,400, zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku nzima ya watu wazima wengi. Kama korosho hizo zimekaangwa na kutiwa chumvi nyingi, shinikizo la damu ndilo linalonufaika. Pakiti ya gramu 30 isiyo na chumvi nyingi hueleza kipimo kwa umbo lake lenyewe, bila kuhitaji ahadi yoyote.

Neno la pili ni "zimelowekwa". Wauzaji wengi wameambiwa kwamba njugu zikilala kwenye maji usiku kucha hutoa sumu, huamka na kuachia madini yaliyofungwa ndani yake. Madai hayo yametoka kwenye nafaka na kunde, ambako kuloweka kuna kazi yake halisi. Kwa njugu hayakuthibitika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walipima lozi, karanga na njugu nyingine kabla na baada ya kulowekwa, na mwaka 2020 wakaeleza kwamba kuloweka hakukuongeza faida iliyotarajiwa. Baadhi ya madini yalipotea kwenye maji, hasa njugu zilipokuwa zimekatwakatwa.

Kwa korosho, dai la "kuziamsha" lina kasoro nyingine. Karibu kila korosho inayouzwa sokoni imepitia mvuke au moto kabla ya kubanguliwa, hata ile inayoitwa mbichi. Mbegu hiyo imekwisha kufa. Sumu inayosemwa nayo haiko ndani ya punje, iko kwenye ganda, katika mafuta makali yanayochoma mikono ya wabanguaji. Mafuta hayo huondoka pamoja na ganda, si kwa maji ya beseni la nyumbani.

Kuna pia vitu viwili ambavyo maji hayaviondoi: sumukuvu, na protini zinazosababisha mzio. Zaidi ya hayo, kuloweka huharibu biashara yenyewe. Punje nzuri ya korosho inatakiwa isizidi unyevu wa asilimia 5. Ikilowekwa na kuanikwa juani kwa haraka katika hewa nzito ya pwani, nje itaonekana kavu huku katikati ikiwa bado na maji. Ikifungwa kwenye nailoni, baada ya siku kadhaa hupoteza mlio wa kuvunjika inapotafunwa, hunuka uvundo, na ukungu hufuata. Aliye na meno mabovu au anayetaka kusaga tui la korosho na aloweke jikoni kwake, ale siku hiyo hiyo. Mzigo wa kuvuka mpaka uende mkavu.

Limebaki neno "njugu", na hapa mpaka wenyewe unaleta tatizo. Kwa Wakenya wengi, njugu ni karanga. Kwa Watanzania wengi, karanga ni karanga, na njugu ni njugumawe. Korosho haimo katika maana hizo mbili. Karanga ni jamaa ya maharage na hukomaa ardhini. Korosho, makadamia, lozi na pistachio huzaliwa mitini. Mwili unaweza kuikataa korosho na kuikubali karanga bila shida, au kinyume chake. Aliye na mzio wa korosho, ambao wengine huuita aleji, mara nyingi huwa na mzio wa pistachio pia, kwa sababu mimea hiyo ni ya ukoo mmoja.

Sasa irudi ile pakiti ya Tanga. Mama anayesafiri na mtoto wa miaka minne ndani ya matatu ya Mombasa anajua mwanawe hula karanga kila siku. Anasoma "njugu mchanganyiko" na kununua bila wasiwasi. Mtoto anatafuna punje tatu za korosho. Baada ya dakika tano anaanza kujikuna midomo na kulalamika kwamba ulimi unawasha. Baada ya kumi, vipele vilivyovimba kama vya upupu vinatokea shingoni. Kisha anatapika.

Abiria watasema chakula kimemchafua, au basi limemzungusha. Wengine watatafuta maziwa ya kumnywesha. Lakini kutapika pamoja na vipele, muda mfupi baada ya kula, si kuchafukwa na tumbo. Ni mzio unaoenea mwilini. Dalili za njugu huanza kwa kawaida ndani ya dakika chache, na mara chache huchelewa kupita saa mbili. Mtoto asiyejua kusema huvuta ulimi wake, hukuna masikio, au ghafla hutulia na kulegea. Sauti ikikwaruza, kikohozi kikianza bila mafua, pumzi ikipiga mluzi, au uso ukififia, kila dakika ina thamani.

Kinachookoa hapo ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, na kituo cha afya kilicho karibu ndicho cha kukimbilia. Mgonjwa alazwe miguu ikiwa juu, au akae akiegemea kama anapumua kwa shida. Asisimamishwe wala kutembezwa. Kidonge cha kuzuia mwasho hupunguza vipele tu, hakifungui koo linaloziba. Maziwa na mkaa havisaidii. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi. Na aliyeponyoka mara ya kwanza kwa vipele vichache asijipe moyo kwamba mara ya pili itakuwa nyepesi vile vile.

Muuzaji hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa kuandika kilichomo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha maandishi kwenye vyakula vilivyofungashwa kinataka viambato vinavyojulikana kuleta mzio, zikiwamo karanga na njugu za mitini, vitajwe. Karatasi inayofaa ni fupi: "Korosho, chumvi. Gramu 30. Imefungwa mahali panapofungwa pia karanga." Kama ni mchanganyiko, kila aina itajwe kwa jina lake, kwa sababu jina korosho linaeleweka pande zote mbili za mpaka.

Maandishi hayo yawe ya kweli tangu kwenye beseni. Kikombe kilichochotea karanga kisiingie kwenye korosho. Anayefunga vyote viwili avitengee vyombo, au aoshe kwa sabuni na maji na kukausha kabla ya kubadili. Kufuta kwa kitambaa kikavu husambaza unga ule ule. Mwenye mzio mkali hahitaji punje nzima ili augue.

Wapo watakaosema onyo hilo litafukuza wateja. Asiye na mzio hatalijali, atanunua kama kawaida. Mwenye mzio ataiacha pakiti, na kumkosa mteja huyo ndiyo faida yenyewe. Mtoto wa kwenye matatu hakuhitaji mpaka ufungwe wala mzigo uzuiliwe Lungalunga. Alihitaji mama yake asome neno moja, na wino wa neno hilo hauzidi ule uliotumika kuandika "dawa ya moyo".