Barua ya Dada kwa Mdogo Wake Atakaye Kukopa

Mdogo wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nami nimeisoma pole pole. Wasema kwamba wataka kukopa shilingi 400,000 ununue dagaa Mwanza na kuwauza hapo Shinyanga, na ya kuwa mkopeshaji ataka hati ya kiwanja cha mama iwe rehani. Biashara yenyewe si mbaya. Lakini mkopo huo siupendi, na sababu zangu ni hizi.

Wasema riba ni shilingi 10 tu kwa kila 100 kwa mwezi. Tuifanye hesabu. Riba ya mwezi mmoja ni shilingi 40,000, na ya miezi minne ni 160,000. Basi utarudisha 560,000, yaani 140,000 kila mwisho wa mwezi. Sasa angalia mwezi wa nne. Utakuwa umekwisha kurudisha robo tatu ya fedha za watu, umebaki na deni la 100,000 tu, walakini riba utakayotozwa ni ile ile 40,000, kana kwamba ungali unazo 400,000 zote. Mwezi huo walipa 40 kwa kila 100. Kwa hiyo mtu akikutajia riba, usimwulize ni ngapi tu. Mwulize pia yahesabiwa juu ya fedha zipi, zile ulizochukua mwanzo au zile zilizosalia.

Tena waandika kwamba debe la dagaa lanunuliwa 30,000, nawe ukiliuza kwa mafungu utapata 45,000. Basi madebe 10 yatakupa faida ya 150,000. Umesahau nauli yako, uchukuzi wa magunia na ushuru wa soko. Tuseme vyote ni 60,000 kwa safari moja. Faida iliyo kweli ni 90,000. Ukifanya safari moja kwa mwezi, mkopeshaji ataka 140,000 nawe unazo 90,000. Zile 50,000 zilizopungua utazitoa wapi? Utazitoa katika rasilmali, nawe hujala bado. Mwezi wa pili utanunua dagaa wachache zaidi, na faida itapungua, ila malipo hayatapungua. Hivyo ndivyo mtu auzavyo kila siku na huku duka lake linakwisha.

Lakini ukifanya safari mbili kwa mwezi, faida ni 180,000. Utalipa 140,000, na 40,000 zitabaki za chakula. Waona basi, jambo lililo kubwa si faida ya debe moja, bali ni siku ngapi zapita hata madebe 10 yageuke kuwa fedha tena. Nawe katika barua yako hukutaja siku hata moja.

Mambo mawili huziongeza siku hizo. La kwanza ni kuuza kwa ahadi. Mama ntilie akichukua debe akasema atalipa mwisho wa mwezi, umeuza, lakini fedha zimelala kwake, nawe huwezi kusafiri nazo. La pili ni mvua. Masika dagaa hawakauki vema, na wakifungwa na unyevu huvunda na kugeuka rangi, wakawa wachungu. Mnunuzi huonyeshwa wale wa juu ya gunia. Wewe tia mkono mpaka chini, utoe konzi moja. Dagaa mkavu hung'aa, na ukimkunja huvunjika. Mbichi hupindika tu. Tazama na mchanga uliobaki kiganjani, maana huo nao umeupimiwa kwa bei ya dagaa.

Basi nashauri hivi. Kiwanja cha mama kisiguswe, hana kingine. Nitakuletea shilingi 110,000 zangu, bila riba. Usiende Mwanza kwanza, kwa kuwa nauli ya mtu ni ile ile akileta madebe 3 au 10. Nunua madebe 3 hapo hapo Shinyanga kwa wauzaji wa jumla, hata kama kila moja ni 36,000. Ukiyauza kwa 45,000 utapata faida ya 27,000. Ni kidogo, lakini hesabu siku, na kila jioni uandike daftarini fedha zilizoingia na za ahadi, mbali mbali.

Madebe 3 yakiisha kwa siku 4, madebe 10 yataisha kwa siku 14 hivi, na safari mbili kwa mwezi zawezekana. Hapo tutatafuta mkopo, wenye riba juu ya deni lililosalia. Yakiisha kwa siku 9, madebe 10 yatakula mwezi mzima, na mkopo ule ungalikula kiwanja. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Nijibu, nipate kuzileta fedha. Nisalimie mama.

Mimi dada yako akupendaye.