Tangazo la Kamera Lisilotaja Siku ni Kitisho

Pita kwenye maduka ya jumla ya Majengo, pita kwenye maghala ya tumbaku, nenda hadi kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu nje ya mji wa Mpanda, utakuta karatasi ya aina moja imebandikwa ukutani: "Eneo hili linalindwa kwa kamera." Haisemi kamera zimefungwa kwa sababu gani. Haisemi nani anakaa kuzitazama, wala picha zinakaa siku ngapi kabla ya kufutwa. Mtumishi anayeisoma anaelewa jambo moja tu, kwamba anaangaliwa. Na waajiri wengi wanataka aelewe hilo tu. Mimi nasema karatasi ya namna hiyo haina hadhi ya kuitwa tangazo kwa watumishi.

Tena sisemi hivyo kwa hisia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamgusa mwenye duka la Kashaulili sawasawa na inavyoigusa wizara Dodoma. Picha ya mtumishi akiwa kaunta ni taarifa yake binafsi. Barua pepe anayoandika ni taarifa yake binafsi. Anayezikusanya anatakiwa amjulishe mhusika lengo la kuzikusanya na nani watazipokea, na amjulishe kabla, si siku ya kumfukuza. Sheria hiyo hiyo inamkataza kukaa nazo muda mrefu kuliko lengo linavyohitaji. Miaka imepita, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, na bado watu wanabandika karatasi yenye maneno matano wanaona wamemaliza kazi.

Sina ugomvi na kamera penye sababu. Pale dhahabu inapopimwa, pale fedha taslimu zinapohesabiwa, pale magunia yanapopakiwa kwenye lori saa nne usiku, kamera inamlinda mwenye mali na inamlinda pia mfanyakazi mwaminifu. Ninachokipinga ni kamera iliyofungwa kwa sababu moja ikageuzwa kutumika kwa sababu nyingine. Imefungwa kuzuia wizi. Wiki mbili baadaye inahesabu dada wa kaunta ameenda chooni mara ngapi. Imefungwa langoni, kesho ipo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ati kwa kuwa vumbi la dhahabu hufichwa kwenye soksi. Chumba cha kubadilishia nguo na choo havina mjadala, kamera haiingii humo. Anayeogopa soksi aweke utaratibu wa ukaguzi wa heshima, mwanamke akaguliwe na mwanamke, na mwingine akiwepo kushuhudia. Kipaza sauti cha kamera nacho kizimwe. Kuona mkono wa mtu kwenye droo ya fedha ni jambo moja. Kunasa mazungumzo yake na mama mgonjwa kwenye simu ni jambo jingine kabisa, na lengo la kuzuia wizi halilifikii.

Sasa tuje kwenye siku, maana hapa ndipo uongo mwingi ulipo, mwingine wa makusudi na mwingine wa kutojua hesabu.

Chukua duka la jumla lenye kamera nane zinazorekodi usiku na mchana kwa kiwango cha megabiti mbili kwa sekunde, kiwango cha kawaida kwa picha inayoonyesha sura vizuri. Kila kamera inakula karibu gigabaiti 22 kwa siku. Kamera nane zinakula kama 173. Fundi amekuwekea diski ya terabaiti moja ndani ya DVR kwa sababu ndiyo ilikuwa bei nafuu. Diski hiyo inajaa kabla siku ya sita haijaisha, halafu mashine inaanza kurekodi juu ya picha za zamani bila kumuuliza mtu. Ukiandika kwenye tangazo kwamba picha zinatunzwa siku 30, umedanganya. Ili ufikishe siku 30 kwa kamera hizo unahitaji zaidi ya terabaiti tano, maana yake ununue diski ya terabaiti sita. Ukipenda makubwa ukaweka ya nane na kuiacha ijiendeshe, utakuwa na picha za siku 46 huku tangazo lako likisema 30, na hapo pia umedanganya. Kurekodi pale tu panapokuwa na mwendo kutaziongeza siku, lakini hakuna anayeweza kuahidi ni ngapi, kwani inategemea watu wangapi wanapita. Kuhakiki hakuhitaji shahada. Fungua DVR, tafuta picha ya zamani kuliko zote, soma tarehe yake. Hiyo ndiyo idadi ya kweli ya siku zako, ndiyo ya kuandika kwenye tangazo.

Mtu atauliza, siku sita zina ubaya gani kwa mfanyakazi? Si anaangaliwa kidogo? Hapana, ndugu yangu. Mfuate mhudumu huyo wa kaunta. Tarehe 3 hesabu inapungua shilingi 340,000. Tarehe 8 meneja anampa barua ya tuhuma, anaitwa kwenye kikao, tarehe 12 anaachishwa kazi kwa maelezo kwamba "kamera imeonyesha". Sheria inampa siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Anakwenda wiki ya tatu, baada ya kukopa nauli na kutafuta mtu wa kumwandikia fomu. Anaomba picha za tarehe 3 zote, kuanzia asubuhi, kwa sababu anajua mchana ule mtoto wa bosi alifungua droo. Picha hizo zilifutika tarehe 9. Kilichobaki ni kipande cha sekunde arobaini ambacho meneja alikirekodi kwa simu yake kutoka kwenye skrini. Mwajiri amechagua sekunde za kubaki, na siku nzima iliyobaki imeyeyuka.

Kwa hiyo tangazo la haki linataja mambo mawili kuhusu muda. Picha za kawaida zikae siku 30, zisizidi, kisha zifutwe. Picha zinazohusu tukio lenye tuhuma zitolewe kwenye mashine siku ile ile tuhuma inapoibuka, za muda wote unaohusika na kutoka kamera zote zinazohusika, mtuhumiwa apewe nakala kabla ya kikao, na zitunzwe mpaka shauri liishe kabisa. Na kabla ya kuzitoa, itazamwe saa ya mashine. Mpanda iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na kukatika kwa umeme tunakujua. Betri ndogo ya DVR ikifa, umeme ukirudi mashine inaweza kuamka ikidhani ni mwaka 2000. Nani atathibitisha kwamba tukio ni la tarehe 3? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime kama kumbukumbu ya kielektroniki ilitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika. Saa mbovu inaharibu ushahidi wa mwajiri mwenyewe.

Halafu nani anatazama? Mwenye duka yuko Dar es Salaam, anatazama kwa simu kupitia Hik-Connect. Mdogo wake anayo nywila. Fundi aliyefunga hajawahi kuondolewa kwenye mfumo. Kipande kinachekesha, kinarushwa kwenye kundi la WhatsApp, na dada wa watu anazungumzwa mji mzima. Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi, Casa Vera, shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Hapa kwetu, kampuni inayotoa taarifa za mtu kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini kuanzia shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Tangazo litaje vyeo vya watu wawili wanaoruhusiwa kutazama, na wengine wote wafutiwe nywila.

Kwenye barua pepe hali ni mbaya zaidi, kwa sababu ofisi nyingi ndogo hazina anwani zao. Karani anatumia Gmail yake mwenyewe kutuma ankara za ofisi, anaiacha wazi kwenye kompyuta ya kazini, na bosi anaingia kusoma akisema kompyuta ni yake. Kompyuta ni yako. Sanduku la barua si lako. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila haki ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na umiliki wa meza na kibodi haukupi haki hiyo. Karani anayeshuku afungue Gmail yake kwenye kompyuta, ashuke chini kabisa ya ukurasa abonyeze "Details" aone akaunti imefunguliwa lini na kwa njia gani, kisha aende kwenye mipangilio, sehemu ya "Forwarding and POP/IMAP", aone kama kuna anwani ngeni inayopokea nakala za barua zake. Mwajiri anayetaka kukagua mawasiliano ya kazi afungue anwani za ofisi, aseme wazi kwamba hizo zitakaguliwa, kwa tuhuma ipi, kwa idhini ya nani, na aache za binafsi.

Wapo wanaonijibu kwamba ukimwambia mwizi, mwizi atajificha, na wanapenda kutaja kesi ya Uhispania. Naijua. Oktoba 2019 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikubali kamera za siri zilizowanasa wahudumu wa duka kubwa. Lakini wasome yote. Palikuwa na hasara kubwa iliyothibitika, kamera zilielekezwa kwenye kaunta za malipo tu, zilikaa siku kumi, na waliotazama walikuwa wachache, akiwemo mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nani Mpanda ameweka kamera ya siri kwa siku kumi kisha akaiondoa? Nani amemwita TUICO kutazama naye?

Mtumishi asisubiri bosi azinduke. Aandike barua ya nusu ukurasa: naomba kujua lengo la kamera na ukaguzi wa barua pepe, vyeo vya wanaotazama, idadi ya siku, na nakala ya picha zangu za tarehe fulani. Atengeneze nakala mbili, moja ipokelewe na igongwe muhuri na tarehe. Kama kuna tuhuma, apeleke siku ile ile, kwa sababu diski haimsubiri. Akikataliwa au akinyamaziwa, nakala yenye muhuri iende kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na lalamiko, na kama ameachishwa kazi, nakala nyingine iende CMA kabla siku 30 hazijaisha.